Kichupa Kimoja Kinatosha?

Swali la mtihani wa uuguzi: mtoto wa kilo 10 ameandikiwa jentamaisini, miligramu 7.5 kwa kila kilo. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Achomwe mililita ngapi?

Kilo zikikatana, zinabaki miligramu 75. Hapo, kabla ya kugusa kikokotoo, mwanafunzi makini hukisia: 75 ni pungufu kidogo ya 80, basi jibu liwe chini kidogo ya mililita 2. Kisha hukokotoa: 75 ÷ 80 × 2 = 1.875, takriban mililita 1.9.

Aliyegeuza sehemu hupata 2.13, na namba hiyo haishtui hata kidogo. Lakini imezidi kichupa kizima! Anayepata 18.75 amehamisha nukta. Angehitaji vichupa zaidi ya tisa. Kisio liandikwe pembeni kwanza.