Barua kwa Msimamizi na Kitendawili cha "Someshea"

Mwanafunzi wa uzamivu anayemwandikia profesa kwamba angependa kuchunguza kauli ya kutendea na ya kutendesha katika Kiswahili hajamwambia kitu bado. Vitabu vya sarufi vimekwisha kuzieleza. Baada ya "Shikamoo, Profesa", msimamizi anatafuta tatizo, na tatizo huonekana kwenye sentensi.

Chukua kitenzi soma. Ukikitia -e- unapata somea, yaani kusoma kwa ajili ya mtu. Ukikitia -esh- unapata somesha, yaani kumfanya mtu asome. Viambishi hivyo viwili vikiandamana, tunapata someshea: "Mjomba amenisomeshea watoto." Hapo hakuna utata. Mjomba amewasomesha watoto, na amefanya hivyo kwa ajili yangu. Kutendesha kumetangulia, kutendea kukafuata, katika umbo na katika maana pia.

Sasa geuza maana. Juma anamsomea bibi barua, na mwalimu ndiye aliyemfanya amsomee. Safari hii kutendea kumetangulia. Kwa kuwa potea huzaa poteza na tembea huzaa tembeza, mtu angetarajia somea izae someza. Neno hilo halisemwi. Je, wasemaji watakubali "Mwalimu alimsomeshea Juma bibi barua", au watapita njia ndefu: "Mwalimu alimfanya Juma amsomee bibi barua"? Hapo ndipo utafiti ulipo. Larry Hyman, katika makala yake ya 2003, alionyesha kwamba lugha za Kibantu huelekea kuweka kutendesha kabla ya kutendea, hata pale maana inapodai kinyume. Tasnifu inaweza kupima ni kwa kiasi gani Kiswahili kinaruhusu umbo moja kubeba maana zote mbili.

Mtego mkubwa uko kwenye hiyo hiyo poteza. Inaonekana kama ushahidi kwamba kutendesha kunaweza kufuata kutendea. Lakini ondoa -e- ya potea: unabaki na pota, ambayo maana yake kwa msemaji wa leo haihusiani na kupotea. Kiambishi hicho kimeshaganda ndani ya neno. Somea ni hai, kwa sababu ukiondoa -e- unarudi kwenye soma bila kupoteza maana. Mwanafunzi asiyetenganisha makundi haya mawili atajaza sura nzima mifano isiyothibitisha chochote.

Sentensi zinazokataliwa nazo zina uzito wake. "Nimesomeshewa watoto" inakubalika; "Watoto wamesomeshewa mimi" haikubaliki, na wanaisimu huitia nyota mwanzoni kuonyesha hivyo. Tofauti hiyo inaonyesha ni mtendwa yupi anayeweza kupanda kuwa kiima.

Kwa hiyo, unayeandika barua hii, iwe ya ukurasa mmoja. Weka sentensi ya mjomba, ya Juma na ile yenye nyota, kisha eleza utawauliza wasemaji wa wapi na utawauliza nini.