Kisu cha kupogolea chai: jinsi ya kusoma karatasi ya vipimo kabla ya kununua chuma

Michai ya Kericho na Bomet hupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4 hivi, na wakulima wengi hufanya kazi hiyo kwa kisu kizito chenye ncha iliyopinda. Kisu kikiwa laini, makali hulala mapema. Shina hupasuka badala ya kukatika, na magonjwa hupata njia ya kuingia kwenye mchai. Kisu kikiwa kigumu kupita kiasi, makali humeguka, na kipande kinaweza kumrukia mpogoaji machoni. Kosa la aina zote mbili mara nyingi huanzia dukani, fundi anaposoma vibaya karatasi ya vipimo inayoandamana na chuma.

Tuchukue mfano wa fundi wa jua kali mjini Litein aliyeagizwa visu 20. Ameletewa karatasi 2. Ya kwanza ni ya S275, chuma cha kawaida cha kuchomelea mageti na fremu za madirisha. Ya pili ni ya 5160, chuma cha jamii ya springi za magari, ambacho bei yake iko juu. Kwenye karatasi zote mbili, mstari wa Re unasema 275 MPa. Fundi anaweza kudhani kwamba vyuma hivi vina nguvu sawa, akachukua cha bei nafuu. Hapo atakuwa amekosea, na sababu iko kwenye mistari mingine ya karatasi hizo hizo.

Kwanza, maana ya herufi zenyewe. Re ni kiwango ambacho chuma kikizidiwa, hupinda na hakirudi tena kilivyokuwa. MPa 275 ni sawa na kutundika mzigo wa kilo 28 hivi kwenye waya wenye eneo la milimita mraba 1. Chini ya mzigo huo waya hunyooka kidogo na kurudi. Ukizidisha, hubaki umerefuka. Rm ni mzigo mkubwa kabisa ambao chuma hustahimili kabla ya kukatika. HB ni ugumu, unaopimwa kwa kukandamiza kitufe kigumu juu ya chuma na kupima ukubwa wa shimo linalobaki. Kwa kisu, Re hueleza kama ubao wake utapinda, Rm hueleza utakatika lini, na HB hueleza makali yatadumu kiasi gani.

Sasa fundi atafute neno moja ambalo wengi huliruka: hali ya chuma kilipopimwa. Karatasi ya 5160 inaonyesha Re 275, Rm 724 na HB 197, lakini hizo ni tarakimu za chuma kilicholainishwa kiwandani, yaani kilichopashwa moto kisha kikaachwa kipoe polepole ili kiwe rahisi kukata na kutoboa. Kisu hakitauzwa kikiwa katika hali hiyo. Kitapashwa moto hadi kiwe chekundu, kitumbukizwe kwenye oili kiwe kigumu, kisha kipashwe tena kwa joto la chini ili ugumu upungue kidogo na chuma kisiwe chepesi kuvunjika. Baada ya hapo tarakimu zote hubadilika.

S275 haina mabadiliko hayo. Kaboni yake ni kama asilimia 0.2 tu au chini, kwa hiyo hata ikitumbukizwe kwenye oili haiwezi kupata ugumu wa kubeba makali. Ile 275 yake ndiyo itakayobaki nayo. 5160 ina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na 275 yake ni mwanzo tu wa safari.

Mbele kidogo, karatasi nzuri ya 5160 huwa na jedwali la chuma kilichokwisha kutumbukizwa kwenye oili na kupashwa tena. Mistari 2 inatosha kwa fundi wetu. Kikipashwa tena kwa nyuzi 205 za Selsiasi, Re huwa 1790, Rm 2220 na HB 627, na chuma hurefuka asilimia 4 tu kabla ya kukatika. Kikipashwa kwa nyuzi 425, Re huwa 1460, Rm 1605 na HB 461, na hurefuka asilimia 10.

Mstari wa kwanza una tarakimu kubwa zaidi, na ndio unaowavutia wengi. Lakini kwa HB 627 tupa huteleza juu ya chuma bila kukila, na mpogoaji aliye shambani hawezi kunoa kisu chake. Ile asilimia 4 nayo inaonya kwamba kisu kikigonga jiwe au fundo la shina, makali yatatoka mapengo badala ya kujikunja. Mstari wa pili unafaa zaidi. Tupa inakula, makali yanadumu, na kisu kikibanwa kwenye shina kinapinda kidogo na kurudi, kwa kuwa Re yake ni zaidi ya mara 5 ya ile ya S275.

Mtego mwingine uko kwenye kupasha tena. Oveni ya jikoni huishia karibu nyuzi 250, kwa hiyo inampa fundi kisu kinachokaribia mstari wa kwanza. Rangi ya chuma nayo haitoshi: buluu hutokea karibu nyuzi 300, kisha hufifia na kuwa kijivu. Kufikia 425 kwa uhakika kunahitaji tanuri yenye kipimajoto.

Fundi anayetumia springi kuukuu ya lori asidhani kwamba atapata nguvu ya springi bila kazi. Springi hiyo ilikwisha kutiwa ugumu kiwandani, lakini akiipasha iwe nyekundu na kuifua juu ya fuawe, ugumu huo hupotea. Ni lazima aitumbukize kwenye oili na kuipasha upya. Asitumie maji, kwa maana chuma cha aina hii kinaweza kupasuka.

Ipo njia rahisi ya kukagua karatasi yenyewe. Kwa vyuma vya aina hii, zidisha HB kwa 3.5 na utapata makadirio ya Rm. HB 461 inatoa karibu 1610, na karatasi inasema 1605. HB 197 inatoa 690, na karatasi inasema 724. Zikitofautiana kidogo hivyo, hakuna shida. Zikiachana mbali, huenda tarakimu zimetoka katika hali mbili tofauti za chuma, na muuzaji aulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kabla ya kutengeneza visu vyote 20, fundi amalize kimoja na kukijaribu, akiwa amevaa miwani ya kukinga macho. Apitishe tupa kwenye makali: ikiteleza, kisu ni kigumu mno, ikila kama inavyokula msumari, ni laini mno. Kisha akibane kwenye jiliwa na kukipinda kidogo kwa mkono. Kikibaki kimepinda, Re haijafika inapotakiwa. Mkulima anayenunua kisu sokoni anaweza kumwomba muuzaji amfanyie majaribio hayo hayo mawili kabla ya kulipa.