Picha ya babu isipotee njiani

Familia nyingi za Maskati zenye asili ya Unguja na Pemba zina picha za zamani zilizobaki kwa jamaa huko visiwani. Nyingine zilipigwa Capital Art Studio, studio ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930. Mjukuu akitaka sura ya babu ya kutundika ukumbini, shangazi huipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp. Kwenye simu inapendeza. Ikichapishwa kubwa, uso ni ukungu mtupu.

Sababu ni kwamba WhatsApp huibana picha ili isafiri kwa haraka. Kwa kawaida upande mrefu hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 hufika ikiwa 1,600 kwa 1,200, yaani chini ya sehemu moja ya sita ya pikseli zake.

Chukua picha ya sentimita 14 kwa 9 yenye watu kumi na wawili, uso wa babu ukiwa na upana wa milimita 7. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya urefu wa picha, kwa hiyo uso uliofika una upana wa pikseli 80 tu. Uchapishe kwa upana wa sentimita 8, na kila pikseli itakuwa na upana wa milimita nzima. Fundi anaweza kuulainisha, lakini darizi ya kofia hairudi, kwa sababu haimo. Karatasi ileile ikiskaniwa kwa 1200 dpi, uso huo hupata pikseli kama 330.

Kwa hiyo usimwambie shangazi "nitumie tena", maana itakuja vilevile. Kwanza muulize nani anayo karatasi yenyewe, kisha mwandikie hivi:

"Shikamoo shangazi. Naomba ile picha ya babu itolewe kwenye fremu, ipelekwe dukani ikaskaniwe kwa 1200 dpi. Faili lenyewe nitumie kwa Document, usilitume kama picha."

Asipopata skana, ailaze karatasi karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo, kisha atume faili la kamera kwa Document. Chaguo la HD ni afadhali, ila nalo hubana. Na nakala iliyokwisha kupita kwenye kundi la familia haiponi kwa kutumwa kwa Document. Itabaki ndogo kama ilivyokuwa.

Faili likifika, fungua maelezo yake kabla ya kulipia uchapaji. Skani ya sentimita 14 kwa 1200 dpi iwe na pikseli kama 6,600 upande mrefu. Ukikuta 1,600, au jina la mtindo wa IMG-20240312-WA0007.jpg, uliyonayo ni nakala iliyobanwa, siyo skani yenyewe.