Pingili Ngapi, Tundu la Ngapi?

Fundi saa mmoja wa Kariakoo hauzi mkanda kabla hajapima mkono wa mteja. Huzungusha uzi pale saa inapokaa, nyuma kidogo ya kile kifupa kinachochomoza upande wa kidole cha mwisho, kisha huunyoosha juu ya rula. Wangu ulisoma sentimita 17. Nikamwomba mkanda wa sentimita 17. "Kaka," akasema, "hiyo ni namba ya mkono, siyo ya mkanda."

Mkanda wa chuma ukishafungwa ni duara, na chuma hakivutiki. Mkono nao huvimba kidogo jua likiwa kali. Ndiyo maana huachiwa nafasi ya kama sentimita moja, hivyo mimi nilihitaji duara la 18. Mkanda wangu ulikuwa na 20.5, kwa hiyo zilizidi milimita 25. Kila pingili ilikuwa na milimita 9. Kutoa mbili kungebakiza ulegevu, na tatu zingebana kwa milimita 2. Fundi akatoa tatu, kisha akasogeza pini ya kifungio tundu moja kwa nje, ikarudi milimita 2 na nusu. Pini za pingili alizisukuma kufuata mishale iliyochorwa kwa ndani.

Kwa kuwa tatu haigawanyiki sawa, alitoa mbili upande wa namba 6 na moja upande wa namba 12, kifungio kibaki katikati chini ya mkono. (Nasema namba, kwani saa yetu sita inasomwa kwenye 12!) Ukilegea mno, uso wa saa huteleza pembeni na kile kitufe cha kurekebishia hukuchoma mgongo wa kiganja.

Ngozi ina hesabu yake. Huuzwa vipande viwili, kwa mfano 120/75: kirefu chenye matundu, na kifupi chenye bizimu, ambayo haihesabiwi. Saa yenyewe nayo inachukua sehemu ya mzunguko, kwa hiyo njia ya uhakika ni kupima mkanda wa zamani uliokukaa vizuri. Wangu ulikuwa na kipande kifupi cha milimita 75, na kwenye kirefu, tangu mwanzo hadi tundu ninalotumia, 66. Jumla 141.

Ule wa 120/75 tundu lake la katikati lilikuwa kwenye 78, jumla 153. Ningelazimika kukaza matundu mawili, na kubakiwa na moja tu. Ngozi hulegea kadiri inavyovaliwa, kwa hiyo nilihitaji akiba zaidi. Wa 110/70 ulikuwa na tundu la katikati kwenye 71, na 71 na 70 ni 141 kamili.

Nilipoufunga, bizimu ilitua katikati kabisa ya upande wa chini. Ule wa kwanza ilikuwa imekaa pembeni, na kila nilipoweka mkono mezani ilikuwa inagonga.