Sifuri Ambayo si Sifuri

Iambie kompyuta izidishe 0.5 kwa 0.5, kisha iendelee vivyo hivyo. Itafanya kazi hiyo bila shida kwa muda mrefu, mpaka ifike mahali hapa:

```python
>>> 0.5**1074
5e-324
>>> 0.5**1075
0.0
```

Jibu la kwanza ni dogo mno, lakini lipo: baada ya nukta ya desimali zinafuata sifuri 323 kabla ya 5 kutokea. Jibu la pili lilipaswa kuwa nusu ya lile la kwanza, na nusu ya kitu kilichopo si sifuri. Hata hivyo kompyuta imeandika sifuri, na haikutoa onyo lolote. Sababu ni kwamba namba ya kawaida ya desimali huhifadhiwa katika biti 64, na biti 11 tu kati ya hizo ndizo zinazobeba kipeo. Chini ya hapo hakuna pa kuandikia. Na uharibifu huanza mapema zaidi: namba ikishuka chini ya takriban 2.2e-308, tarakimu zake huanza kupotea moja baada ya nyingine kabla haijatoweka kabisa.

Mtu anaweza kusema kwamba hakuna mwenye haja na namba ndogo kiasi hicho. Mwanatakwimu anayo, na huikuta katika kazi nyepesi kabisa. Tuseme mbegu 2,000 zimepandwa na 1,200 zikaota, kila moja bila kuathiri nyingine. Kuna madai mawili: kwamba uwezekano wa mbegu kuota ni 0.5, au ni 0.6. Ili kuyapima, kwa kila dai tunazidisha uwezekano wa yale yaliyotokea, mbegu kwa mbegu. Dai la kwanza linatupa 0.5 iliyozidishwa mara 2,000, yaani karibu 10 kwa kipeo cha -602. La pili linatupa karibu 10 kwa kipeo cha -585. Yote mawili kompyuta huyaita sifuri. Ukitafuta uwiano wake, unagawanya sifuri kwa sifuri, na hapo angalau hitilafu itajionyesha. Linalonitisha zaidi ni programu inayouliza tu ni dai lipi kubwa: haioni lililo kubwa, inachukua lililotangulia kwenye orodha, na kuchapisha jibu safi lisilotiliwa shaka na mtu.

Logi hubadili kuzidisha kuwa kujumlisha. Logi asilia ya 0.5 ni -0.693147, mara 2,000 ni -1386.29. Kwa dai la pili, tunachukua logi ya 0.6 mara 1,200 na logi ya 0.4 mara 800, na jumla yake ni -1346.02. Hizi ni namba za kawaida ambazo kompyuta huzibeba bila taabu, na tofauti yake ni 40.27 kwa faida ya 0.6. Ushindi haukubadilika njiani, kwa kuwa namba kubwa zaidi huwa daima na logi kubwa zaidi. Lakini utaratibu ni muhimu: logi huchukuliwa kwa kila kipande kabla ya kujumlisha. Anayezidisha kwanza ndipo atafute logi amechelewa, kwani anaomba logi ya sifuri, naye hupewa `-inf` au ujumbe wa hitilafu.

Kwa nini basi tusitumie biti nyingi zaidi? Kwa sababu zao hili hupungua kwa kasi ileile kila data inapoongezeka. Nafasi kubwa zaidi husogeza ukuta mbele tu. Ongeza mbegu, utaugonga tena. Tena logi si kiraka cha kompyuta. Huko Bletchley Park, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanahisabati Alan Turing na I. J. Good walipima ushahidi wa kuvunja misimbo ya Enigma kwa kujumlisha logi, kwa kipimo walichokiita desibani. Walijumlisha kwa sababu ushahidi ulio huru hujilimbikiza kwa kujumlishwa. Kwa kipimo chao, mbegu zetu zina desibani 175 hivi.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: kuna wakati ni lazima kujumlisha uwezekano wenyewe, mathalani tunapotafuta wastani wa madai mawili. Kurudi kutoka kwenye logi ni kurudi kwenye sifuri. Njia ni kutoa kwanza logi iliyo kubwa, -1346.02, kutoka kwa zote mbili. Zinabaki 0 na -40.27, ambazo zinarudishwa kuwa uwezekano na kujumlishwa salama. Kisha logi ya jumla hiyo inaongezwa kwenye ile iliyotolewa.

Ukiona `-inf` hata baada ya hayo yote, usiilaumu mashine kwanza. Mara nyingi maana yake ni kwamba dai lilitoa uwezekano wa 0 kamili kwa jambo ambalo limetokea. Wengi huliponya kwa kuweka namba ndogo mahali pa sifuri hiyo. Wakiweka 10 kwa kipeo cha -10, dai linapoteza pointi 23. Wakiweka kipeo cha -100, linapoteza 230. Ushindi wa 40 kama wetu ungesalimika kwa namba ya kwanza na kufutika kwa ya pili. Nani aichague namba hiyo, na kwa ushahidi gani?