Bei Mpya za Kuprinti Ukutani mwa Steshenari

Tangazo limebandikwa juu ya mashine: "Wateja wetu wapendwa, kuanzia tarehe 1, ukurasa mweusi ni shilingi 150 badala ya 100, wa rangi ni 600 badala ya 500."

Hesabu inaanzia kwenye karatasi. Rimu ina karatasi 500. Ikinunuliwa kwa shilingi 12,000, kila karatasi ni shilingi 24. Tona ya shilingi 45,000 inayokadiriwa kurasa 1,500 inaongeza shilingi 30. Umeme, pango na matengenezo bado.

Makadirio hayo ya kiwandani huchukulia kuwa wino unafunika takriban asilimia 5 tu ya ukurasa, kama barua fupi. Picha ikifunika asilimia 20, tona hiyo huishia kurasa 375 hivi, na gharama yake inafika shilingi 120 kwa ukurasa.

Mashine ya rangi hutumia tona nne: nyeusi, njano, samawati na majenta. Ndiyo maana tangazo zuri hueleza pia kama barua yenye nembo ndogo ya rangi inahesabiwa ya rangi. Asiyehitaji rangi amwambie mhudumu achague "Grayscale" kabla ya kuprinti.