Aya za Urefu Mmoja: Namna ya Kutambua Maandishi ya Akili Unde, na Mipaka ya Dalili Hiyo

Na Mwandishi Wetu

Matangazo mengi yanayowafikia wananchi kupitia simu za mkononi siku hizi hayana kosa hata moja la tahajia. Zamani, tangazo la ajira la kughushi lilijulikana kwa lugha yake mbovu: herufi zilizokosewa, jina la wizara lililoandikwa kinyume, sarufi isiyosimama. Ujio wa programu za akili unde, ambazo wengine huziita akili mnemba, umeifanya dalili hiyo ipoteze nguvu, kwa kuwa programu hizo huandika Kiswahili kinachosomeka vizuri kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyo, wasomaji wengi sasa hutazama umbo la maandishi badala ya makosa yake, na mambo mawili yanayotajwa mara kwa mara ni aya zenye urefu unaolingana na sentensi zinazoanza kwa namna ile ile.

Dalili hizo zina msingi wa kweli. Programu ya akili unde huunda maandishi kipande kwa kipande, kila mara ikichagua kinachoelekea kufuata kulingana na maandishi mengi iliyofunzwa kwayo. Baada ya hapo hurekebishwa ili majibu yake yawapendeze watu, na watu wengi hupendezwa na mpangilio nadhifu. Mwandishi binadamu naye huongozwa na jambo alilonalo. Analolijua kwa kina hulieleza kwa aya ndefu, na lisilo na mengi hulimaliza kwa mstari mmoja. Programu iliyopewa maelekezo mafupi haina mzigo huo wa taarifa mkononi. Hujaza kila chumba kwa kiasi kinachokaribiana, kiwe na samani au kisiwe nazo.

Tuchukue mfano ulioandaliwa kwa ajili ya makala haya. Mtu anaitaka programu imwandikie tangazo la ajira za muda, bila kuipa maelezo zaidi. Linatoka tangazo la aya sita, zenye maneno 52, 49, 54, 51, 50 na 53. Aya ndefu kuliko zote inaizidi iliyo fupi kuliko zote kwa maneno matano tu. Ukiishia katika hesabu hiyo, hujapata kitu cha maana. Jambo la kutazama ni aya ya tano, inayohusu tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Ofisa wa utumishi angeandika: “Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30 Juni, saa 9:30 alasiri.” Hayo ni maneno 11, na hakuna la kuongeza. Tangazo letu limetumia maneno 50, na ukiyasoma utakuta yanaeleza kwamba kuzingatia muda ni muhimu, kwamba kuchelewa kunaweza kumnyima mwombaji fursa, na kwamba waombaji wanahimizwa kujiandaa mapema. Wakati huohuo, aya ya sifa za mwombaji, ambayo ilipaswa kutaja kiwango cha elimu, aina ya cheti na uzoefu unaotakiwa, nayo ina maneno 49 pekee, na inazungumzia “elimu inayofaa” na “uzoefu wa kutosha”.

Hapo ndipo penye dalili yenyewe. Urefu sawa unatia shaka pale ambapo mambo yanayoelezwa hayana uzito sawa. Tangazo la aina hiyo lililoandikwa na mtu mwenye taarifa kamili lingeweza kuwa na aya za maneno 24, 96, 31, 11 na 48, na kila tofauti ingekuwa na sababu yake.

Kuhusu mianzo ya sentensi, Kiswahili kina jambo lake ambalo hesabu ya maneno hailioni. Katika lugha nyingine marudio hujitokeza wazi, kwa sababu neno la kwanza hurudiwa lilivyo. Katika Kiswahili kitenzi hubeba kiambishi cha nafsi au cha ngeli pamoja na cha wakati, hivyo sentensi zinaweza kuanza kwa maneno tofauti huku muundo ukiwa mmoja. Fikiria programu ya ajira inayoelezwa hivi: “Inatoa fursa kwa vijana. Inaongeza kipato cha familia. Inajenga uzoefu wa kazi. Inachochea maendeleo ya jamii.” Jicho linaona maneno manne tofauti. Sikio linasikia “ina-, ina-, ina-, ina-”. Kwa hiyo ni vyema kusoma kwa sauti, au angalau kunong’ona, kabla ya kusema kwamba mianzo haifanani. Wengine hutazama zaidi viunganishi kama vile “aidha”, “vilevile” na “hata hivyo” mwanzoni mwa kila aya, lakini hiki ni kipimo dhaifu. Taarifa za ofisi zimejaa “aidha” tangu zama za mashine za taipureta.

Mfano huo wa ofisi unaonesha mahali ambapo dalili hizi hupotosha. Hotuba za bajeti zinazosomwa bungeni Dodoma huwa na aya zilizopewa namba, na aya hizo kwa kawaida huanza kwa “Mheshimiwa Spika”. Kwa kipimo cha marudio peke yake, hotuba hizo zingeshindwa katika ukurasa wa kwanza, ilhali marudio hayo ni utaratibu wa Bunge, ambamo mzungumzaji huelekeza maneno yake kwa Spika. Vifungu vya sheria navyo hurudia “mtu yeyote ambaye” kwa makusudi, ili maana isiyumbe. Washairi wetu wa tenzi waligawa kila ubeti katika vipande vyenye mizani minane muda mrefu kabla ya kompyuta.

Hata mitambo iliyobuniwa kwa kazi hii imeteleza. Kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa kipima maandishi chake Januari 2023, ikaeleza yenyewe kwamba katika majaribio kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya akili unde, na kilihesabu kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo ilikiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Katika mwaka huo pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza shuleni hushikilia miundo michache aliyo na uhakika nayo, na vifaa hivyo huuona uangalifu huo kama kazi ya mashine. Kijana anayeandika barua ya maombi ya kazi kwa kufuata kielelezo alichofundishwa anaweza kushukiwa kwa namna iyo hiyo.

Kwa upande wa pili, tapeli anaweza kuiagiza programu ichanganye aya fupi na ndefu, au akazikata mwenyewe kwa dakika tano. Tena ofisi halali inaweza kutumia akili unde kuandaa rasimu ya tangazo la kweli kabisa. Umbo la maandishi, hata likisomwa vizuri, linagusa swali la nani aliyeandika. Halijibu kama nafasi za kazi zipo.

Mwananchi aliyepokea tangazo lenye aya zinazolingana atafute kwanza zile taarifa ambazo maneno mengi huzifunika: kumbukumbu namba, cheo cha aliyesaini, tarehe, mahali pa kuwasilisha maombi, na kama kuna malipo yanayodaiwa. Kisha alifungue tangazo hilo katika tovuti ya taasisi husika yenye anwani inayoishia na .go.tz, kwa kuiandika anwani mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo alichotumiwa. Lisipoonekana huko, apige simu katika namba iliyopo kwenye tovuti hiyo, si ile iliyoandikwa katika tangazo.